Faili la Aprili limeenda wapi? Kuhifadhi data ghafi kama ilivyoingia

Swali: Mtaalamu, kila mwezi napakua faili la CSV lenye idadi ya watu waliopimwa katika vituo vyetu vyote, naliweka kwenye folda ya data kwa jina lile lile `vituo.csv`, kisha skripti yangu inatoa jedwali la ripoti. Juzi mkuu wangu ameuliza kwa nini jumla ya Machi tuliyoitoa mwezi wa Aprili haifanani na ninayoipata leo. Skripti ni ile ile. Nimwonyesheje namba ya Aprili ilitoka wapi, na nifanye nini jambo hili lisijirudie?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na habari isiyopendeza. Faili ulilolipakua Aprili halipo tena. Ulipopakua la Mei kwa jina lile lile, la Mei lilikalia mahali pa la Aprili, na la Juni likakalia mahali pa la Mei. Skripti yako haina kosa. Inasoma kilichopo, na kilichopo leo si kilichokuwepo siku ile.

Kabla hujakata tamaa, tafuta sehemu nne. Angalia folda ya vipakuliwa ya kivinjari chako, kwa sababu kivinjari kikikuta jina limeshatumika mara nyingi huongeza namba, ukapata `vituo (1).csv`, `vituo (2).csv` na kadhalika. Angalia viambatisho vya barua pepe ulizowatumia wenzako Aprili. Kama folda yako ya data iko kwenye hifadhi ya mtandaoni, fungua historia ya matoleo ya faili hilo upesi, maana huduma nyingi hufuta matoleo ya zamani baada ya muda fulani. Mwisho, muulize anayesimamia nakala rudufu za kompyuta zenu. Ukilipata popote, usilifungue kwanza kwa Excel. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Sasa tuje kwenye chanzo. Data ya idadi haikauki siku inapotolewa. Kituo kimoja hutuma fomu zake wiki tatu baadaye, kingine husahihisha safu iliyoingizwa mara mbili, kingine hubadilishiwa msimbo. Kila unapopakua, unapata historia nzima jinsi chanzo kinavyoielewa siku hiyo, pamoja na miezi uliyodhani imefungwa. Hili haliwapati wadogo tu. Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi ya Marekani, BEA, ilipotoa mara ya kwanza makadirio ya pato la taifa kwa robo ya mwisho ya 2008, ilisema uchumi umeshuka kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka. Ndani ya miezi miwili iliyofuata namba ikawa 6.2, kisha 6.3. Marekebisho makubwa ya 2011 yakaifikisha 8.9. Robo ya mwaka ni ile ile. Aliyeandika ripoti mapema 2009 kwa kutumia 3.8 hakukosea, ila kama hakuhifadhi faili alilolitumia, leo hana cha kumwonyesha anayemuuliza.

Kwa hiyo dawa ni folda ya mapokezi: mahali ambapo kila faili linaingia kama lilivyotoka kwa seva, baiti kwa baiti, na halibadilishwi tena kamwe. Kila upakuaji unapata folda yake yenye wakati wa kupokelewa, hata kama ni upakuaji wa pili siku hiyo hiyo. Kazi zote za kusafisha, kubadili majina ya safu wima, kuunganisha na kujumlisha zinasoma kutoka hapo na kuandika kwingine. Hakuna skripti wala mtu anayerudisha kitu mapokezi.

Upakuaji wenyewe unaweza kuwa mfupi hivi, ukishaweka kiungo cha faili katika kigeu `ANWANI`:

```bash
set -eu
W=$(date -u +%Y-%m-%dT%H%M%SZ)
D="mapokezi/vituo/$W"
mkdir "$D"
curl --fail --location -D "$D/vichwa.txt" \
     -o "$D/vituo.csv" "$ANWANI"
(cd "$D" && sha256sum vituo.csv > SHA256SUMS)
chmod 444 "$D"/*
chmod 555 "$D"
```

Kila mstari hapo una sababu yake. Wakati umeandikwa kwa UTC ili mtu aliye katika saa nyingine, au seva iliyowekwa saa tofauti na laptopu yako, asivuruge mpangilio. Sijaweka nukta mbili kati ya saa na dakika kwa sababu Windows haikubali alama hiyo katika jina la faili. Nimetumia `mkdir` bila `-p` kwa makusudi: folda ikiwa tayari ipo, amri inashindwa na skripti inasimama, badala ya kumwaga faili jipya juu ya la zamani. Folda ya juu, `mapokezi/vituo`, unaiunda mara moja tu mwanzoni.

`vichwa.txt` ni maelezo ambayo seva hutuma pamoja na faili. Mara nyingi humo kuna mstari wa `Last-Modified` unaosema faili lilibadilishwa lini upande wao. Tarehe hiyo na tarehe uliyopakua ni vitu viwili, na utavihitaji vyote. Ukipakua tarehe 9 na seva ikasema faili ni la tarehe 2, basi marekebisho yaliyotangazwa tarehe 5 hayamo humo, hata kama ulipakua baada ya tangazo.

`SHA256SUMS` ina heshi ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwenye baiti zote za faili. Badili herufi moja ndani yake, heshi inakuwa nyingine kabisa. Hii ndiyo alama ya kidole ya faili lako. Miaka miwili baadaye, `sha256sum -c SHA256SUMS` itakuambia kama lililo mbele yako ndilo lililoingia siku ile. Kwa mtumiaji wa Windows, `Get-FileHash` katika PowerShell inatoa heshi ya aina hiyo hiyo bila kuongezewa kitu.

Mistari miwili ya mwisho inafunga mlango. Wengi hufunga faili peke yake kwa `chmod 444` wakadhani wamemaliza. Katika Linux na ndugu zake, ruhusa ya kufuta faili haitokani na faili, inatokana na folda iliyolibeba. Usipoifunga folda nayo kwa `555`, faili lisiloandikika bado linaweza kufutwa na lingine likawekwa mahali pake kwa jina lile lile. Na hata hivyo kufuli hii inamzuia mtu mwema anayeteleza, haimzuii mwenye mamlaka ya msimamizi. Ndiyo maana heshi inapaswa kuandikwa pia mahali pa pili, kwenye daftari la mapokezi.

Daftari hilo ni faili dogo la maandishi linaloongezwa mstari mmoja kwa kila upakuaji: wakati, anwani kamili iliyotumika, ukubwa kwa baiti, heshi, aliyepakua, na nafasi ya maelezo. Kama unapakua kwa mkono, ukibofya vichujio kwenye tovuti, nafasi ya maelezo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Andika ulichochagua: vituo vyote au vya umma tu, kuanzia mwezi gani, kwa umri au bila umri. Nimeona mafaili mawili yaliyohifadhiwa vizuri kabisa, yenye heshi safi, yakashindwa kulinganishwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba kwenye moja kisanduku cha vituo vilivyofungwa kilikuwa kimetiwa alama.

Turudi kwenye Excel. Kulifungua faili kwa kulitazama hakulibadilishi, tatizo ni kulihifadhi. Ukifungua CSV moja kwa moja kwa mipangilio ya kawaida, Excel inasoma msimbo wa kituo `004127` kama namba na kuuonyesha 4127. Namba ya utambulisho yenye zaidi ya tarakimu 15 inapoteza tarakimu za mwisho na kuwekewa sifuri. Maandishi kama `3-4` yanaweza kugeuka tarehe. Programu ikikuuliza unapofunga kama uhifadhi mabadiliko, ukabonyeza ndiyo kwa mazoea, sifuri za mbele zimekwenda na hazirudi. Kibaya zaidi, hakuna kinachopiga kelele. Skripti itaendelea kusoma, itaunganisha kwa misimbo, na vituo ambavyo misimbo yake haikutana na orodha vitaanguka kimyakimya. Ukitaka kulitazama faili kwa Excel, nakili kwanza kwenye folda nyingine, ufungue nakala.

Kuna na jaribu la kusahihisha. Unaona kituo kimoja kimeandika 9,400 mahali ambapo kila mwezi huandika 940 hivi, unampigia simu msimamizi, naye anakiri kwamba sifuri moja imezidi. Mkono unakuwasha kurekebisha pale pale. Usifanye. Tengeneza faili la pembeni, tuliite `marekebisho.csv`, lenye msimbo wa kituo, mwezi, thamani ya zamani, thamani mpya, sababu na tarehe, na skripti ilitumie baada ya kusoma faili ghafi. Thamani ya zamani isikosekane. Skripti ibadilishe tu pale inapokuta 9,400 kweli, ikikuta kingine isimame na kukuambia. La sivyo chanzo kitajisahihisha chenyewe mwezi ujao, pengine kwa kuandika 951, na wewe utaendelea kuifuta namba yao sahihi na kuweka yako ya zamani kwa miaka.

Chanzo kikikutumia faili lililosahihishwa na kukuomba ulitupe la kwanza, lipokee jipya kama ujio mpya na uliache la kwanza mahali pake, na daftarini uandike kwamba limebatilishwa na lipi. Ripoti iliyotoka kwa faili lenye kosa bado ni ripoti iliyotoka.

Hata ukihifadhi yote haya, hujaweza kurudia Aprili kama ripoti haisemi ilitokana na faili lipi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Skripti yao inatafuta folda ya mwisho kabisa ndani ya mapokezi na kuisoma. Ni rahisi, lakini ukiiendesha tena Septemba itasoma ya Septemba. Ipe skripti jina la folda waziwazi:

```bash
python ripoti.py --ingizo mapokezi/vituo/2024-04-09T061502Z
```

Kisha skripti yenyewe iandike, katika faili dogo kando ya jedwali, vitu viwili: heshi ya faili ghafi ililosoma na toleo la msimbo. Kama msimbo wako uko kwenye Git, toleo hilo unalipata kwa `git rev-parse HEAD`. Kabla ya kutoa ripoti, hakikisha `git status` haionyeshi mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, la sivyo toleo utakaloliandika si lile lililofanya kazi.

Nikupe kazi moja niliyoifanya, kwa sababu inafanana sana na yako. Ripoti ya Aprili ilisema watu 41,870 walipimwa Machi. Miezi mitano baadaye skripti ilitoa 43,215, tofauti ya 1,345. Kila mtu ofisini alikuwa na jibu lake: mmoja alisema vituo vilichelewa kuleta fomu, mwingine alisema ni kosa la skripti. Mwandishi wa skripti aliapa kwamba haijaguswa, naye alikuwa mkweli kwa kumbukumbu yake. Lakini Juni alikuwa amebadili mstari mmoja tu ili misimbo isomwe kama maandishi badala ya namba, na hakuona kwamba hilo lingegusa jumla.

Kwa kuwa mafaili ghafi yalikuwepo na matoleo ya msimbo yalijulikana, hatukuhitaji kubishana. Tulifanya majaribio manne, kila faili kwa kila msimbo. Faili la Aprili kwa msimbo wa Aprili lilitoa 41,870, namba ile ile iliyochapishwa. Hatua hii haikwepeki, kwa sababu usipoipata namba ya zamani sawasawa hujui unachokilinganisha. Faili la Aprili kwa msimbo mpya lilitoa 42,260, yaani 390 zaidi. Hawa ni watu wa vituo vyenye misimbo inayoanza na sifuri, ambao msimbo wa zamani ulikuwa ukiwaangusha wakati wa kuunganisha. Faili jipya kwa msimbo wa Aprili lilitoa 42,790, yaani 920 zaidi, na hizo ni fomu zilizochelewa. Jaribio la nne, faili jipya kwa msimbo mpya, ndilo lile la 43,215.

Ukijumlisha 390 na 920 unapata 1,310, na tofauti nzima ni 1,345. Zile 35 zilizobaki hazikupotea. Ni fomu zilizochelewa kutoka kwenye vile vile vituo vinavyoanza na sifuri: zisingeonekana bila faili jipya, na zisingehesabiwa bila msimbo mpya. Tuliwaorodhesha watu hao 35 kwa kituo na mwezi, na hesabu ikafungika. Mkuu wa kitengo alipata sentensi moja ya kuandika kwenye ripoti iliyofuata: ongezeko ni la 1,345, kati yake 920 ni fomu zilizochelewa, 390 ni vituo vilivyokuwa vikiachwa kwa kosa letu, na 35 ni vyote viwili kwa pamoja. Kilichowezesha sentensi hiyo ni faili moja la megabaiti 12 ambalo hakuna aliyeligusa tangu Aprili.

Kuna mambo machache yatakayokusumbua mwanzoni. La kwanza ni upakuaji ulioharibika. `--fail` inaisimamisha `curl` pale seva inapojibu kwa msimbo wa kosa, lakini seva nyingine hujibu kwamba mambo ni sawa huku ikikutumia ukurasa wa kuingilia. Unapata `vituo.csv` yenye kilobaiti 6 inayoanza na `<!DOCTYPE html>`. Baada ya kupakua, acha skripti ikague mstari wa kwanza kama una majina ya safu wima unayoyategemea, na ilinganishe ukubwa na wa mwezi uliopita. Lililoshindwa usilifute. Liandike daftarini kuwa halifai, kisha upakue tena katika folda nyingine. Siku ukiulizwa kwa nini ripoti ilichelewa siku mbili, ushahidi utakuwepo.

La pili ni mafaili yaliyobanwa. Kama chanzo kinatoa `.zip`, hiyo `.zip` ndiyo ghafi, na unachokifungua kutoka ndani yake kinakaa nje ya mapokezi. Na kama unavuta data kwa maombi mengi yanayoleta ukurasa baada ya ukurasa, hifadhi kila ukurasa jinsi ulivyokuja pamoja na ombi lililouleta, kabla ya kuziunganisha kurasa kuwa jedwali moja.

La tatu ni Git yenyewe. Watu huweka mafaili ghafi humo wakidhani yako salama, kumbe kwenye kompyuta yenye mpangilio wa `core.autocrlf` Git inaweza kubadili alama za mwisho wa mstari katika mafaili ya maandishi. Heshi haitalingana kati ya mashine mbili na utatafuta mwizi asiyekuwepo. Ukilazimika kuyaweka humo, andika `mapokezi/** -text` katika `.gitattributes`. Mimi napendelea msimbo ukae kwenye Git na mafaili ghafi yakae kwenye hifadhi ya kawaida yenye nakala rudufu, na daftari lenye heshi liviunganishe.

Nafasi ya diski haipaswi kukutisha. Faili la megabaiti 12 kila mwezi ni megabaiti 144 kwa mwaka. Ungepakua kila siku ingekuwa gigabaiti 4.4 hivi, na hapo unaweza kulinganisha heshi: ikiwa ya leo ni sawa na ya jana, andika daftarini kwamba ulipakua na hakukuwa na kipya, usihifadhi nakala ya pili.

Jambo ambalo ni lazima uliamue kabla ya kuanza ni taarifa za watu. Kama faili lako lina majina au namba za simu za waliopimwa, kanuni ya kutobadilisha kamwe inagongana na wajibu wa kufuta. Suluhisho bora ni kuomba chanzo kikupe jumla kwa kituo, ambayo kwa ripoti yako inatosha. Ikishindikana, weka muda wa kuhifadhi, zuia wanaoweza kusoma folda, na siku ya kufuta ikifika ufute faili lakini uache mstari wake daftarini pamoja na heshi, ukubwa, na sababu ya kufutwa.

Tena, folda ya mapokezi haikumbuki kila kitu. Orodha ya vituo unayoiunganisha na data nayo ni ingizo, hivyo iingie mapokezi kwa utaratibu huo huo. Matoleo ya maktaba za Python nayo yaandikwe, kwa mfano kwa `pip freeze`, kwa sababu namna ya kusoma tarehe au kukadiria desimali inaweza kubadilika kati ya toleo na toleo.

Kwa mkuu wako, kama faili la Aprili halitapatikana, mwambie hivyo hivyo: namba ya Aprili haiwezi kurudiwa, faili lililoizaa liliandikiwa juu tarehe fulani, na kuanzia upakuaji wa leo kila namba itakuwa na faili lake. Kisha leo hii, kabla ya kupakua jipya, nakili `vituo.csv` iliyopo kwenye folda ya kwanza ya mapokezi, chukua heshi yake, na andika daftarini tarehe uliyoipakua kama unaikumbuka. Mwezi ujao, kabla hujatoa ripoti mpya, rudia ya mwezi huu kutoka folda yake na ulinganishe majedwali mawili kwa `cmp`. Ikinyamaza, endelea. Ikisema kitu, simama hapo hapo utafute sababu wakati bado unakumbuka ulichobadilisha.